Kadi Nne za Mtu Mmoja

Ofisini walimwita Bi Skana. Alikuwa na jina zuri alilopewa na bibi yake mzaa mama, lakini katika kampuni ile iliyouza majokofu makubwa ya hoteli na mabucha, mtu aliitwa kwa kile anachokutwa nacho mkononi. Mwenyewe aliajiriwa kupokea simu, akazipokea miaka mingi kwa sauti ambayo wateja waliisifia. Siku moja ukaletwa mtambo unaojibu wenyewe na kukuamuru ubonyeze moja au mbili, naye akahamishiwa chumba cha nyuma, jirani na choo, akapewa meza, kompyuta na skana mbili, zile mashine za kupiga karatasi picha na kuzitia kwenye kompyuta. Watu wakamwambia ashukuru hakuachishwa. Waliomwambia hivyo wote walikuwa na madirisha.

Kazi yenyewe ukiisikia utacheka. Kila afisa mauzo, akitoka kwenye maonyesho au kwa wateja, anarudi na kadi za biashara mfukoni. Anazitupa kwenye droo. Droo ikijaa anazifunga mpira, anazisahau, na mpira nao unaoza na kugandia kadi. Halafu bosi mmoja anaamka asubuhi na wazo kwamba kadi zile ni mali, zote ziingizwe kwenye kompyuta, kila mtu na mahali pake: jina, cheo, kampuni, simu, barua pepe. Wazo ni lake, vidole ni vya mwingine.

Bosi huyo, mkuu wa mauzo, walimwita Madam. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa haraka, wa kusema akiwa amesimama mlangoni huku mguu mmoja uko nje. Wiki ile alikuja na maboksi ya viatu yaliyojaa kadi, akayaweka juu ya meza.

"Bi Skana, hizi zote Ijumaa ziwe ndani. Jumatatu tunatuma ujumbe kwa kila mtu, na kila mmoja aitwe kwa cheo chake. Sitaki kusikia mkurugenzi ameitwa karani."

"Zote, Madam?"

"Zote. Na ukimaliza nichambulie mameneja wa mauzo peke yao. Natafuta mtu wa kuongoza mauzo huku mikoani, na sitaki kutangaza nafasi nikaletewa lori la bahasha. Nitawapigia mwenyewe."

Akaondoka. Bi Skana alibaki anayatazama maboksi, na mgongo ukaanza kumuuma kabla hajagusa hata kadi moja.

Alikuwa mwanamke aliyechoka, na tusilizungushe hilo. Mshahara wake ndio uliokuwa ukipika, ukivaa na kusoma katika nyumba ile, tangu kampuni ya rangi aliyokuwa akifanyia kazi mumewe ilipofunga tawi lake na kuwapa watu barua. Mume alikuwa Meneja wa Mauzo wa Kanda. Mtaani walimwita Meneja wakati ule, na mpaka leo walimwita Meneja. Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati la kupigwa pasi, akatoka na mkoba wake, akarudi jioni akisema alikuwa na watu fulani wanazungumza jambo fulani. Watu gani, jambo gani, mke aliacha kuuliza. Alichokiona ni kwamba nyumba ilikuwa imejaa kalamu za kampuni mbalimbali, za benki, za bima, za matrekta, mpaka watoto hawakununuliwa tena kalamu za shule. Alidhani labda mumewe anapewa na marafiki.

Kidonda kilikuwa kimoja. Miezi michache baada ya ile barua, Bi Skana alimsihi binamu yake mwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, akamtafutia mumewe kazi ya kupokea mizigo. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama watoto, mimi nimeongoza watu. Leo nikasimame mlangoni nahesabu ndoo? Unataka watu wanioneje?"

Naye kwa uchungu akamjibu neno ambalo mke hapaswi kumjibu mume, kuhusu nani anayelisha nani. Maji yakishamwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo habari ya kazi haikutajwa tena chini ya paa lile. Walisalimiana vizuri, walikula pamoja, walilala kitanda kimoja, na kila mmoja alilibeba lake kimya. Kama kuna mzigo mzito kuliko umaskini ni ule wa kumficha mtu unayeshiriki naye umaskini huo.

Basi, Bi Skana akaanza kazi. Kwanza alitoa mipira na pini, kwa sababu pini moja tu inatosha kukwaruza kioo cha skana. Alizipepea kadi kama karata ili zisishikane, maana mbili zikipita pamoja ile ya chini haionekani, na mtu huyo anakuwa hajazaliwa. Aligeuza zote ziangalie upande mmoja. Zile nyembamba za kawaida alizilisha kwenye skana ndogo inayozivuta moja moja. Zile nene, za plastiki, na zile zenye herufi zilizotuna za watu wanaojipenda, hizo alizipanga kwenye skana ya kioo, nane kwa nane, zikiachana kidogo, kisha akazifunika kwa karatasi nyeusi ili mashine ione wapi kadi inaishia. Kati ya fungu na fungu alitia kikaratasi alichoandika droo ya nani na maonyesho gani, ili baadaye ijulikane kadi ipi ni ya lini.

Skana ilisoma upande mmoja tu. Ingeweza kusoma pande zote mbili, lakini Madam alisema nyuma ya kadi huwa hakuna kitu ila ramani na nembo, itachelewesha.

Sehemu hiyo ndiyo rahisi. Balaa ni pale mashine inapoanza kujifanya inajua. Inatazama picha ya kadi na kugawa maneno: hili jina, hiki cheo, hii kampuni. Ikiona alama ya @ inajua ni barua pepe, hapo haikosei sana, ila itaona herufi o na kuandika sifuri. Ikiona tarakimu nyingi inajua ni simu, lakini simu ya mkononi, ya mezani na faksi zote kwake ni ndugu. Jina la kampuni likiwa ndani ya nembo yenye madoido, hailioni kabisa, badala yake inachukua ile kaulimbiu ya chini. Ndiyo maana siku ile kulikuwa na bwana mmoja aliyesomeka kuwa anafanya kazi kampuni iitwayo Ubora Kwanza, na mama mmoja ambaye jina lake lilikuwa Mhandisi na cheo chake ndilo jina lake. Pale mashine inapojishuku yenyewe, inapaka rangi ya njano. Bi Skana alijifunza kuogopa zaidi pale isipojishuku.

Kabla ya kusahihisha alikuwa na desturi yake. Aliunganisha kwanza. Mtu mmoja anaweza kuwa ametoa kadi kwa maafisa wanne, na ukianza kusahihisha moja moja utamsahihisha mara nne, mpumbavu wewe. Kwa hiyo alibonyeza kitufe cha kutafuta wanaofanana, na mashine ikampangia mafungu: hawa barua pepe moja, hawa simu moja, hawa jina moja, labda ni mtu yuleyule, amua. Kila fungu lilifunguka likiwa na picha za kadi kando kwa kando, na chini yake visanduku. Unachagua kwa kila kisanduku: jina la hii, cheo cha ile, simu ya ile nyingine. Ukishabonyeza kuunganisha anabaki mtu mmoja, yale usiyochagua yanapotea. Sheria ya ofisi ilikuwa fupi: kadi mpya huishinda kadi ya zamani.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana ambacho kilikuwa mkate na chai, likafunguka fungu lenye jina la mumewe.

Mwanzo hakushtuka. Alifikiri amechoka sana, macho yanamchezea. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Jina lilikuwa palepale, mara nne, kadi nne za kampuni ya rangi zenye ile brashi nyekundu pembeni ambayo aliwahi kuionea fahari. Mumewe alimwambia amezichoma. Alimwambia hivyo wiki ile ile ya barua, hata akamwonyesha majivu nyuma ya nyumba.

Kadi ya kwanza ilitoka kwenye droo ya afisa mmoja waliyemwita Tai, kwa sababu hakuvua tai hata kwenye joto. Ilikuwa safi, haina alama. Jina, Meneja wa Mauzo wa Kanda, kampuni, simu ya mezani, barua pepe ya kazini. Mashine ilikuwa imeisoma yote bila njano hata moja. Kikaratasi kilisema maonyesho ya mwaka jana, na mwaka jana wakati huo tawi lilikuwa limeshafungwa. Ile simu ingeita kwenye chumba kitupu.

Kadi ya pili, ya maonyesho yaliyofuata, simu ya mezani na barua pepe zilikuwa zimekatwa kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka kwa rula. Juu yake, kwa mwandiko anaoujua kuliko wake mwenyewe, namba ya mkononi.

Ya tatu, jina la kampuni nalo limekatwa. Cheo kimebaki peke yake, Meneja wa Mauzo wa Kanda, wa kanda isiyojulikana, wa kampuni isiyokuwepo.

Ya nne mashine haikuweza. Ilisoma jina, na kwingine ikatapika alama zisizo na maana, zote zimepakwa njano. Kwenye picha ilionekana kadi iliyokatwakatwa kila mahali.

Bi Skana aliinuka, akafunga mlango. Hasira ilifika kabla ya huruma, kama kawaida yake. Kumbe ndiko anakokwenda na hilo shati lililopigwa pasi! Kumbe ndiko zinakotoka zile kalamu! Mimi nakufa hapa na mgongo, yeye anazunguka kwenye maonyesho anagawa kadi za marehemu. Na kwa watu wa ofisini kwangu! Akamkumbuka Tai na ucheshi wake, akajua hawezi kutulia bila kuuliza. Akaenda mpaka meza ya Tai na kadi ya kwanza mkononi, akaiweka mbele yake kana kwamba ni kazi tu.

"Huyu unamkumbuka?"

Tai aliitazama, akacheka. "Ah! Yule mzee wa rangi! Kila maonyesho yumo. Anakuja kwenye meza yetu, anasalimia, anauliza habari za majokofu kama anataka kununua meli nzima, anaacha kadi, anaondoka na kalamu. Mtu mzuri sana. Sijui hata anataka nini."

"Hukuwahi kumpigia?"

"Nimpigie nimwambie nini, dada yangu? Rangi na jokofu wapi na wapi?"

Alirudi chumbani kwake. Hasira ilikuwa imepungua na mahali pake pamekuja kitu kibaya zaidi. Alimwona mumewe amesimama mbele ya meza ile, anamchekesha kijana mwenye tai, anasubiri aulizwe swali moja tu, na haulizwi.

Ile kadi ya nne alitaka kuiona kwa macho. Kikaratasi kilisema imetoka kwenye bakuli. Kwenye maonyesho ya mwisho kampuni iliweka bakuli la kioo lenye bango: tia kadi yako, ujishindie friji. Waliotia walikuwa wengi, na aliyeangalia kadi hizo baada ya mshindi kupatikana hakuwepo hata mmoja, zilimwagwa kwenye boksi na kuletwa kwake. Akalitafuta boksi, akalimimina mezani, akaanza kupekua. Iliyoshinda friji ilikuwa ya meneja wa benki ambaye, kwa cheo chake, hakukosa friji tatu nyumbani.

Aliipata. Cheo kilikuwa kimekatwa pia. Kampuni, simu, barua pepe, hata ile brashi nyekundu, vyote vimepigwa mstari mmoja mmoja kwa rula, bila papara. Limeachwa jina. Akaigeuza.

Nyuma, kwa mwandiko uleule wa mtu aliyefunzwa shule na fimbo, paliandikwa namba ya mkononi, na chini yake: *Natafuta kazi yoyote ya halali. Stoo, mlangoni, mapokezi. Nafika mapema.*

Bi Skana aliketi. Aliyasoma maneno yale mara ya pili, jicho likarudi kwenye lile neno stoo. Jambo alilomkatalia yeye jikoni, kwa maneno makubwa ya kuongoza watu, alikuwa ameliandika kwa mkono wake na kulitia kwenye bakuli la wageni. Na wageni hao hawakusoma. Kama mashine ingefanikiwa kuelewa upande wa mbele, hata yeye asingeigeuza.

Alibaki na fungu limefunguka mbele yake, na hapo ndipo shetani alipovuta kiti.

Kwa sababu Madam anataka mameneja wa mauzo. Visanduku vipo wazi. Cheo cha kadi ya kwanza, kampuni ya kadi ya kwanza, simu ya kadi ya pili, bonyeza, na kesho jina la mumewe litakuwa kwenye orodha pamoja na wakubwa wenzake. Madam atapiga simu, na mume atapokea kwa ile sauti yake nene. Si uongo sana, kwani si kweli aliwahi kuwa meneja? Alikuwa meneja, na alikuwa meneja mzuri, walimpa saa ya ukutani. Bi Skana alifikiria ada, akafikiria mgongo wake, akafikiria siku ambayo ataweza kulala mchana bila kuumwa. Akachagua cheo. Akachagua kampuni. Kisanduku kikawa kijani, kimejaa, kinapendeza.

Kisha akamfikiria Madam, ambaye swali lake la kwanza kwa kila mtu ni sasa hivi uko wapi. Mume atasema nini? Atasema niko kwenye ile kampuni, na Madam atapiga kule, na yale yatakayofuata hata kuyawaza hakutaka. Au atasema nipo nyumbani, aone aibu ya kuvuliwa nguo aliyovishwa na mkewe bila kuulizwa. Mwenyewe alishajivua. Imemchukua kadi nne na mwaka mzima kujivua, moja baada ya nyingine, kwa rula. Leo mimi nimvalishe tena?

Akafuta. Akachagua kadi ya nne, kama sheria ya ofisi inavyotaka. Jina. Cheo hakuna. Kampuni hakuna. Namba ya mkononi akaiandika kwa mkono kutoka nyuma ya kadi, na kwenye nafasi ya maelezo akanakili yale maneno yote, mpaka Nafika mapema. Akabonyeza kuunganisha. Wale watatu wa zamani wakapotea, akabaki mmoja, na mashine ikampaka wekundu: taarifa hazijakamilika. Wasio na kampuni walikuwa wanaondolewa kwenye orodha ya wateja wakati wa kuhamisha, maana jokofu haliuziwi mtu, huuziwa kampuni. Alijua hilo. Kwa hiyo alichukua kadi yenyewe, akaiweka mfukoni mwa gauni.

Ijumaa alikwenda kwa Madam na orodha ya mameneja wa mauzo. Madam aliipokea akiwa anaongea na simu, akaipitia kwa macho, akakata simu.

"Ndio hawa tu?"

"Kuna mmoja nimemwacha, Madam. Alikuwa na cheo kwenye kadi za zamani. Mpya haina."

"Basi tumia za zamani. Mtu akishakuwa meneja amekuwa, mbona unajipa tabu?"

"Nilitaka. Nilishaweka, nikaondoa." Akaona hakuna njia ya kupita pembeni. "Ni mume wangu, Madam."

Madam alikuwa ameshasimama kama kawaida yake. Akakaa. Bi Skana akaweka ile kadi mezani, upande wa nyuma juu, naye akaisoma bila kuigusa.

"Muda wote huu hapa hukuwahi kusema mumeo hana kazi."

"Hata nyumbani kwetu halisemwi."

Madam aliigeuza kadi, akaiangalia ile mistari, akairudisha kama ilivyokuwa. "Nafasi ya meneja siwezi kumpa kwa kadi hii, Bi Skana. Nisikudanganye."

"Sikuja kwa hiyo."

"Stoo wanalia kila siku kwamba hawana mtu wa kupokea mizigo. Lakini stoo si yangu. Aje Jumatatu amwone msimamizi, aseme nimemtuma. Siahidi kitu, unanisikia?"

"Nimesikia, Madam. Asante."

"Na ile orodha kubwa ya wateja?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo tena!" Madam akasimama, mguu mmoja tayari uko nje. Bi Skana akarudi kwenye maboksi yake, akamtoa yule bwana kwenye kampuni ya Ubora Kwanza na kumpeleka anakostahili, akaendelea mpaka mwisho.

Jioni alipofika nyumbani watoto walikuwa ndani na madaftari. Mume alikuwa kibarazani anapiga viatu rangi. Jirani alipita njiani akapaza sauti, "Meneja, habari za jioni!" naye akaitikia, "Nzuri, jirani," kwa ile sauti nene. Mke akasubiri jirani apotelee kwenye kona, kisha akakaa kwenye kigoda kando yake. Hakuwa amepanga maneno. Alitoa kadi mfukoni, akampa.

Mume aliitazama bila kuipokea. Brashi ya viatu ikasimama juu ya kiatu.

"Wale wa majokofu," alisema. "Nilijua unafanya kazi kwenye majokofu. Nilijiambia ofisi ile ni kubwa, wewe uko nyuma huko, hutaziona." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Umeziona ngapi?"

"Nne."

"Basi zote." Akaweka brashi chini. "Ile ya kwanza usinihukumu nayo, mama watoto. Bado nilikuwa sijaamini."

Mke alikuwa na mambo mengi ya kusema, juu ya majivu ya uongo, juu ya kalamu, juu ya mgongo wake. Likatoka moja tu. "Uliwaambia wageni. Uliandika stoo. Mimi nilikuletea stoo mkononi ukaniuliza watu watakuonaje. Kwa nini mimi hukuniambia?"

Ndani mtoto mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, anakosea, anarudia.

"Wale nikiwaambia, naondoka zangu," alisema mume. "Wewe nikikuambia, kesho naamka na wewe."

Bi Skana aliona kwamba mumewe alikuwa anasema kweli, na kwamba ile kweli ilikuwa na sehemu yake yeye ndani, neno lile alilolitamka jikoni kuhusu nani anamlisha nani. Akamwambia habari ya Jumatatu, msimamizi wa stoo, na kwamba Madam hajaahidi kitu. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Mume alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza siku ile nyingine, na mke akajikuta anaangalia mikono ya mumewe, anaogopa.

"Kule kwenye kompyuta," mume aliuliza, "umeniingiza kwa kadi ipi?"

"Ya mwisho."

"Bila cheo?"

"Bila cheo. Zile nyingine nimezifuta, hazirudi."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, taratibu. Akanyoosha mkono, akaipokea kadi, akaigeuza nyuma akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni na kuisoma kama barua iliyotoka kwa mtu mwingine.

"Na namba umeiandika sawasawa?" akauliza. "Saba yangu watu huisoma moja."

"Saba yako naijua," alisema mkewe, na hapo ndipo alipolia.